Mstari wa Hasi Mbili: Mtoto wa Kikatiti na Jedwali la Mtawanyo wa Kawaida

Katika vitabu vingi vya hisabati vya Kidato cha Tano na cha Sita, somo la mtawanyo wa kawaida hufundishwa kwa mifano ya balbu za taa zinazoungua, misumari iliyokatwa kwa mashine, na pakiti za sukari zenye uzito pungufu. Mwanafunzi hupewa wastani, hupewa mkengeuko sanifu, hutoa, hugawanya, hufungua jedwali, huandika jibu, na mambo huishia hapo. Ni nadra kuambiwa kwamba hesabu hiyo hiyo hufanyika kila siku katika kliniki za watoto, na kwamba jibu lake laweza kumfanya mama arudi nyumbani akiwa na amani au akiwa na hofu. Yafaa mfano wa balbu uachwe kwa muda, na mahali pake pachukuliwe na mtoto wa miaka miwili.

Kikatiti ni kituo kilichopo kando ya barabara kuu iendayo Moshi kutoka Arusha, katika Wilaya ya Meru, upande wa kusini-mashariki wa mlima. Na ichukuliwe kwamba katika kliniki ya sehemu hiyo amefikishwa mtoto wa kiume mwenye umri wa miezi 24 kamili. Amesimamishwa kwenye ubao wa kupimia, visigino vimegusa ubao, kichwa kimenyooka, na urefu wake umesomwa kuwa sentimita 83.0. Je, mtoto huyu ni mfupi? Namba 83.0 peke yake haijibu swali hilo. Haina budi kulinganishwa na watoto wengine wa umri wake na wa jinsia yake.

Ulinganisho huo una asili inayojulikana. Kati ya mwaka 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wa nchi sita, nazo ni Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Walichaguliwa watoto wa familia ambazo hali yao haikuwazuia kukua: wamenyonyeshwa ipasavyo, mama zao hawavuti sigara, na huduma za afya wamezipata. Viwango vilivyotokana na kazi hiyo vilitolewa mwaka 2006, na ndivyo vinavyotumika Tanzania. Kwa mujibu wa viwango hivyo, mvulana wa miezi 24 aliyepimwa akiwa amesimama ana urefu wa wastani wa sentimita 87.1, na mkengeuko sanifu ni kama sentimita 3.06. Mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi watoto wanavyotawanyika kuuzunguka wastani: ukiwa mdogo, watoto wamekaribiana kwa urefu, ukiwa mkubwa, wameachana.

Urefu wa watoto wa umri mmoja una sifa njema. Ukichorwa, watoto wengi hukusanyika karibu na wastani, na wanaobaki hupungua pande zote mbili kwa mwendo ulio sawa, hata mchoro ukawa na umbo la kengele. Hilo ndilo umbo la mtawanyo wa kawaida. Lakini kuna kengele nyingi mno: ya wavulana wa miezi 24, ya wasichana wa miezi 30, na ya kila umri mwingine. Haiwezekani kuchapisha jedwali kwa kila moja. Kwa hiyo kila kengele hugeuzwa kuwa kengele moja tu, yenye wastani 0 na mkengeuko sanifu 1. Kugeuza huko ndiko kusanifisha:

z = (urefu − wastani) ÷ mkengeuko sanifu

Kwa mtoto wa Kikatiti, 83.0 kutoa 87.1 ni −4.1, na −4.1 ikigawanywa kwa 3.06 huwa −1.34. Maana yake haina fumbo lolote. Mtoto huyu yuko chini ya wastani kwa hatua moja na theluthi, na hatua moja ni mkengeuko sanifu mmoja. Sentimita zimekwisha kutoweka. Imebaki hesabu ya hatua.

Sasa ndipo jedwali lifunguliwe. Majedwali mengi hayana namba hasi, kwa sababu kengele ina pande mbili zinazofanana kama viganja vya mikono. Hutafutwa 1.34: mstari wa 1.3 hufuatwa mpaka chini ya safu ya 4, na hapo husomwa 0.9099. Hii ni sehemu ya kengele iliyo upande wa kushoto wa +1.34. Sehemu iliyo kulia kwake ni 1 − 0.9099, yaani 0.0901, na kwa ule ufanano wa pande mbili, ndiyo pia sehemu iliyo kushoto kwa −1.34. Kwa hiyo miongoni mwa watoto 100 waliokua bila kizuizi, 9 hivi ni wafupi kuliko mtoto huyu. Husemwa kwamba yuko kwenye persentaili ya 9.

Hapa pana shimo ambamo wanafunzi hutumbukia, na walimu wengine pia. Majedwali hayafanani. Jedwali moja huonyesha eneo lote la kushoto kwa z, jingine huonyesha eneo la kulia, na la tatu huonyesha eneo lililo kati ya 0 na z. Kwa 1.34, la kwanza litasema 0.9099, la pili 0.0901, na la tatu 0.4099. Yote matatu ni sahihi, na mwanafunzi aliyekariri kwamba "toa kutoka moja" atakosea katika mawili kati yake. Dawa yake ni kutazama kwanza jedwali linasema nini kwenye z = 1.00, kabla ya kutafuta chochote kingine. Likisema 0.8413, ni la kushoto. Likisema 0.1587, ni la kulia. Likisema 0.3413, ni la katikati. Kisha kengele ichorwe kwa mkono, sehemu inayotafutwa itiwe kivuli, na iulizwe kama kivuli hicho ni zaidi ya nusu au ni chini ya nusu. Mwanafunzi aliyechora hawezi kuandika kwamba mtoto aliye chini ya wastani amewapita kwa urefu wenzake 91 katika 100. Wapo wanaosema kwamba vikokotoo na kompyuta vimeyafanya majedwali kuwa vitu vya makumbusho. Hata hivyo kikokotoo nacho huuliza upande gani unatakiwa, na anayekosea upande kwenye jedwali atakosea pia kwenye kitufe.

Jedwali husomwa pia kinyumenyume, na usomaji huu hufundishwa kwa haraka mno. Badala ya kuanza na urefu ili kupata sehemu, huanzwa na sehemu ili kupata urefu. Kwa mfano, ni urefu gani ambao watoto 3 tu katika 100 wako chini yake? Sehemu ya 0.03 iko mkiani kushoto, kwa hiyo 0.97 iko upande wa pili. Sasa hutafutwa 0.97 ndani ya jedwali lenyewe, si pembeni. Haipo kamili, kuna 0.9699 kwenye 1.88 na 0.9706 kwenye 1.89. Ya kwanza iko karibu zaidi, basi z ni −1.88, alama ya kutoa hurudishwa kwa sababu mkia ni wa kushoto. Kisha hatua hurudishwa kuwa sentimita: 87.1 − 1.88 × 3.06, ambayo ni 81.35. Huo ndio urefu wa persentaili ya 3.

Ukifahamu njia hizo mbili, ya kwenda na ya kurudi, mstari wa hasi mbili unaweza kujadiliwa. Mtoto ambaye z yake ya urefu kwa umri iko chini ya −2 huhesabiwa kuwa amedumaa. Kwa mvulana wa miezi 24 aliyesimama, mstari huo uko kwenye sentimita 81.0. Mtoto wa 83.0 yuko juu yake, na kwa hiyo hahesabiwi.

Mstari huu ulitoka wapi? Haukugunduliwa mwilini mwa mtoto. Hakuna mfupa wala damu inayobadilika ghafla z inapopita kutoka −1.99 kwenda −2.01. Ni makubaliano, na jedwali linaonyesha makubaliano hayo yana maana gani: kwenye 2.00 husomwa 0.9772, kwa hiyo 0.0228 iko chini ya −2. Hata katika jamii ambamo hakuna mtoto hata mmoja aliyekosa chakula wala aliyeharishwa na maji machafu, watoto 2 au 3 katika kila 100 watakuwa chini ya mstari kwa sababu tu ya urithi wa wazazi wafupi. Katika jamii ya namna hiyo yenye watoto 500, wangekuwa kama 11. Kumwambia mama wa mmojawapo kwamba mwanawe ni mgonjwa, kwa sababu ya kipimo kimoja cha siku moja, ni kulisemesha jedwali neno ambalo halikulisema.

Zaidi ya hayo, z haiwezi kuwa bora kuliko namba zilizoingizwa ndani yake, na namba iliyo dhaifu kuliko zote mara nyingi ni umri. Kadi ya kliniki ikiwa imepotea, umri hukumbukwa kwa majira: alizaliwa wakati wa masika, au alizaliwa mahindi yalipokuwa yakivunwa. Kati ya majira hayo inaweza kupita miezi mitatu. Na ichukuliwe kwamba yule mtoto wa sentimita 83.0 kwa hakika ana miezi 27, wala si 24. Wastani wa miezi 27 ni sentimita 89.6, na mkengeuko sanifu ni kama 3.25. Hesabu ikirudiwa, −6.6 kugawanywa kwa 3.25 ni −2.03. Mtoto yule yule, kwa urefu ule ule, ameanguka kutoka persentaili ya 9 mpaka ya 2, na amevuka mstari. Ubao haukukosea, wala jedwali halikukosea. Hata namna ya kupima ina uzito wake: walio chini ya miaka miwili hupimwa wakiwa wamelazwa, na mtu akilala huwa mrefu kidogo. Viwango vyenyewe vinakadiria tofauti hiyo kuwa sentimita 0.7. Aliyesimamishwa akilinganishwa na wastani wa waliolazwa, ambao ni 87.8, z yake hushuka kutoka −1.34 hadi −1.57 bila sababu yoyote ya afya.

Kuna swali jingine linalopaswa kuulizwa kabla ya kulifungua jedwali, nalo ni kama vipimo vyenyewe vina umbo la kengele. Urefu unalo. Uzito haunalo sawasawa, kwa kuwa mkia wake wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto, na ndiyo sababu viwango vya uzito vina fomula yake inayounyoosha upindaji huo kwanza. Watu wa miteremko ya Meru wana mfano ulio wazi zaidi katika maji yao. Eneo hili linajulikana kwa floraidi, ile iletayo meno ya rangi ya kahawia, na serikali ina kituo cha utafiti wa kuiondoa katika maji pale Ngurdoto. Floraidi hutofautiana mno kutoka chemchemi moja hadi nyingine: nyingi zina kiasi kidogo, na chache zina kingi mno. Na ichukuliwe kwamba mwanafunzi amepima vyanzo kadhaa, akapata wastani wa miligramu 4 kwa lita na mkengeuko sanifu wa 4. Kabla ya kulisoma jedwali, na ajaribu kusanifisha sifuri: (0 − 4) ÷ 4 ni −1, na jedwali litamwambia kwamba asilimia 15.87 ya vyanzo vina floraidi pungufu ya sifuri. Maji ya namna hiyo hayapo duniani. Jaribio hili dogo huchukua nusu dakika, na latosha kuonyesha kwamba kengele haifai kwa namba hizo. Kwa urefu wa watoto, sifuri iko zaidi ya hatua 28 chini ya wastani, na tatizo halizuki.

Turudi kwenye mstari wa hasi mbili, maana upande wake ulio mzito zaidi bado haujaguswa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Namba hii husomwa kwenye redio na kwenye mikutano, na wengi huielewa kwamba taifa lina watoto wa aina mbili: 30 waliodhurika na 70 walio salama. Jedwali likisomwa kinyumenyume, linaonyesha picha nyingine kabisa.

Iwapo 0.30 ya watoto wako chini ya −2, basi 0.70 wako juu. Ndani ya jedwali 0.70 iko kati ya 0.6985, ambayo ni ya 0.52, na 0.7019, ambayo ni ya 0.53. Basi mstari wa −2 uko hatua 0.52 chini ya wastani wa watoto wa Tanzania wenyewe. Iwapo mtawanyo wao una upana ule ule wa viwango, wastani wao ni −2 + 0.52, yaani −1.48. Katika tafiti za namna hii upana kwa kawaida huzidi 1, hasa kwa sababu ya yale makosa ya umri na ya kupima. Ukiwa 1.2, wastani huwa −2 + 0.52 × 1.2, ambayo ni kama −1.38. Tofauti ni ndogo, na hoja inabaki pale pale. Kengele nzima imesogea kushoto kwa karibu hatua moja na nusu.

Yafaa kuona maana ya msogeo huo. Katika viwango, watoto 50 katika 100 wako chini ya 0. Katika kengele iliyosogea mpaka −1.48, ile 0 iko hatua 1.48 juu ya wastani, na jedwali husema 0.9306. Watoto 93 katika 100 ni wafupi kuliko wastani wa watoto waliokua bila kizuizi. Hawa 93 ni zaidi sana kuliko 30. Walio kati ya −2 na 0 hawamo katika hesabu ya udumavu, lakini wengi wao wamepoteza sehemu ya urefu waliokuwa na uwezo wa kuufikia. Mtu ambaye kwa urithi wake angekuwa kwenye +1, akisukumwa chini hatua moja na nusu, atatua kwenye −0.5, na kadi yake itaonekana nzuri kabisa.

Kwa mtazamo huu, yule mtoto wa −1.34 anapaswa kutazamwa upya. Kwa viwango vya dunia yuko persentaili ya 9. Katika kengele ya nchi yake yuko juu kidogo ya wastani, kwa maana −1.34 inazidi −1.48. Muuguzi aliyezoea kuwaona watoto wa eneo lake atamwona kuwa wa kawaida, na kwa macho atakuwa hakukosea. Lakini "kawaida" hiyo ni ya kengele iliyokwisha kusogea. Kama atakuwa anakua sambamba na mstari wake wa kadi, kipimo baada ya kipimo, huenda ni mtoto wa wazazi wafupi na hana shida. Kama miezi sita iliyopita alikuwa kwenye −0.6, ameporomoka, ingawa hajavuka mstari wowote. Jambo hilo haliwezi kuonekana katika z moja. Linahitaji z mbili, na tarehe zake.

Hoja hiyo ina matokeo pia katika namna ya kugawa jitihada. Mpango unaowatafuta wale 30 tu, ili kuwavusha mmoja mmoja juu ya mstari, unashughulika na mkia peke yake. Mambo yaliyoisogeza kengele, kama vile maji machafu, kuharisha kwa mara kwa mara, na uji mtupu usio na maziwa, maharage wala mboga, hayakuchagua 30 na kuwaacha 70. Na jedwali lina neno la kusema kuhusu kuisogeza kengele nzima. Iwapo wastani ungepanda kutoka −1.48 hadi −1.00 tu, mstari wa −2 ungekuwa hatua moja kamili chini ya wastani mpya, na sehemu iliyo chini yake ingekuwa 0.1587. Udumavu ungeshuka kutoka asilimia 30 hadi 16, karibu nusu yake. Msogeo huo ni wa hatua 0.48, na kwa mvulana wa miezi 24 ni 0.48 × 3.06, yaani sentimita moja na nusu.